Kwa nini advansi ya apu ya kazini inashusha mshahara wa mwezi unaofuata, na jinsi kato lake linavyoonekana

*Hujambo mtaalamu. Nafanya kazi Nairobi, mshahara wangu ni 50,000 kabla ya makato na huwa naingiziwa 39,029. Tarehe 23 Mei nilichukua advansi ya 12,000 kwenye apu ya kazini. Mshahara wa Mei ukaingia mzima, nikadhani watakata kidogo kidogo. Tarehe 12 Juni nikachukua tena 5,000. Mshahara wa Juni umeingia 21,179 tu, na karatasi ya mshahara imeandika SALARY ADVANCE 17,850. Mimi nilichukua 17,000, na zile 12,000 zilikuwa za Mei. Je, wamenikata mara mbili? Na kodi imehesabiwaje? Julai nitegemee nini?*

Hujakatwa mara mbili. Kila advansi imekatwa mara moja, na zile 850 zilizozidi ni ada ya asilimia 5 juu ya kila moja: 600 kwa ile ya 12,000 na 250 kwa ile ya 5,000. Kilichokuchanganya ni kwamba advansi mbili ulizochukua katika miezi miwili tofauti zimeangukia mshahara mmoja. Hilo lina sababu yake, na ukiielewa utaweza kujua mshahara wa Julai utakuwa kiasi gani kabla hata haujaingia.

Advansi unayochukua kwenye apu ni sehemu ya mshahara wako wenyewe inayokufikia kabla ya siku yake. Mwajiri hajakuongezea chochote. Kwa hiyo siku ya mshahara ikifika, sehemu hiyo inaondolewa yote kwa mara moja, pamoja na ada. Huo ndio mtindo wa kawaida wa apu hizi, na hapo ndipo zinapotofautiana na mkopo wa benki au wa chama cha akiba na mikopo, ambao hulipwa kwa mafungu ya miezi kadhaa. Wengi hutegemea kukatwa kidogo kidogo kwa sababu wamezoea mikopo ya aina hiyo. Masharti ya apu huwa yanasema wazi kwamba kiasi chote kitakatwa kwenye mshahara unaofuata, ila mara nyingi yako kwenye ukurasa ule ambao mtu hubonyeza KUBALI bila kuusoma.

Sasa, kwa nini mshahara wa Mei uliingia mzima? Ofisi ya mishahara haihesabu mshahara siku ile ile unayolipwa. Ina siku ya kufunga hesabu, ambayo katika kampuni nyingi huwa kati ya tarehe 18 na 25. Siku hiyo wanakusanya kila kitu cha mwezi: saa za ziada, siku za kutofika kazini, mikopo, na orodha ya advansi inayotoka kwenye apu. Baada ya hapo hesabu inapitiwa, inaidhinishwa na kupelekwa benki. Kitu chochote kinachotokea baada ya siku ya kufunga kinasubiri mwezi unaofuata. Kwa jinsi makato yako yalivyokuja, kampuni yenu inafunga hesabu kabla ya tarehe 23, na nitachukulia kwamba ni tarehe 20. Ile 12,000 ya tarehe 23 Mei ilikuta orodha ya Mei imeshaondoka. Ikaingia kwenye orodha ya Juni, pamoja na ile 5,000 ya tarehe 12 Juni. Kwa hesabu ya ofisi ya mishahara, zote mbili ni za Juni, kwa sababu "mwezi" wao unaanza tarehe 21 na kwisha tarehe 20.

Wapo pia waajiri ambao apu yao inafunga dirisha la kuomba siku ya kufunga hesabu na kulifungua tena mshahara ukishaingia. Huko advansi huangukia mwezi ule ule uliochukuliwa, na mkanganyiko kama wako hautokei. Kwenu dirisha linabaki wazi, kwa hiyo ni juu yako kuijua ile tarehe. Waulize ofisi ya mishahara kwa maandishi: hesabu inafungwa tarehe ngapi, na je, tarehe hiyo huhama mwezi ukiwa na sikukuu? Desemba hasa huwahi, kwa sababu kampuni nyingi hulipa kabla ya Krismasi.

Tuipitie karatasi yako ya Juni mstari kwa mstari. Ikiwa huna mkopo mwingine, inapaswa kusomeka hivi:

```
BASIC PAY              50,000.00
GROSS PAY              50,000.00
NSSF                    3,000.00
SHIF                    1,375.00
HOUSING LEVY              750.00
PAYE                    5,845.85
SALARY ADVANCE         17,850.00
TOTAL DEDUCTIONS       28,820.85
NET PAY                21,179.15
```

Makato manne ya kwanza ni ya kisheria na hayana uhusiano wowote na advansi. NSSF, yaani akiba ya uzeeni, ni asilimia 6 ya mshahara wako, SHIF, yaani bima ya afya, ni asilimia 2.75, na tozo ya nyumba ni asilimia 1.5. Tangu mwisho wa Desemba 2024 hizi tatu zote huondolewa kwanza kabla ya kodi kuhesabiwa, kwa hiyo kodi yako, ule mstari wa PAYE, inapigwa kwenye 44,875. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, yaani 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25, yaani 2,083.25. Zilizobaki, 12,542, zinatozwa asilimia 30, yaani 3,762.60. Jumla ni 8,245.85, kisha unapunguziwa nafuu binafsi ya 2,400 na kubaki na 5,845.85. Ukiondoa makato haya manne kwenye 50,000 unapata 39,029.15, ile ile uliyoizoea.

Advansi inakuja baada ya hapo, na nafasi hii ina maana kubwa. Ukilinganisha karatasi ya Mei na ya Juni, mistari ya GROSS PAY, NSSF, SHIF, HOUSING LEVY na PAYE inapaswa kufanana mpaka senti. Umelipwa 50,000 miezi yote miwili, ila mwezi mmoja sehemu yake ilikuwa imeshapita kwenye simu yako. Mamlaka ya kodi, KRA, inakutoza kodi kwa mshahara ulioupata kwa kufanya kazi, bila kujali uliupokea tarehe 12 au tarehe 30. Advansi haikupunguzii kodi, na haikuongezei. Ada pia haipunguzi kodi. Unailipa kwa pesa iliyokwisha kukatwa kodi. Fomu yako ya P9 ya mwisho wa mwaka itaonyesha 50,000 katika mstari wa Mei na 50,000 katika mstari wa Juni, na neno advansi halitaonekana humo hata kidogo.

Hapa pana makosa mawili ambayo ofisi za mishahara huyafanya, hasa ndogo zinazotumia jedwali la kompyuta walilolitengeneza wenyewe. La kwanza ni kuiingiza advansi kama mapato ya ziada siku inapotolewa. Kama ile 12,000 ingeingizwa hivyo, GROSS PAY yako ingesoma 62,000, na makato yako yangeongezeka: NSSF kwa 720, SHIF kwa 330, tozo ya nyumba kwa 180 na PAYE kwa 3,231. Jumla ni 4,461 zilizokatwa juu ya pesa ambayo tayari ingetozwa kodi kama mshahara wako wa kawaida. La pili ni kinyume chake: kuitoa advansi kwenye mshahara wa jumla badala ya kuiweka chini pamoja na makato. GROSS PAY ya Juni ingesoma 32,150, na kodi ingeshuka sana. Ungefurahi kuona umeingiziwa zaidi ya 27,000, lakini mchango wako wa NSSF ungepungua kwa 1,071, wa mwajiri ungepungua kwa kiasi hicho hicho, na kodi isiyolipwa ingebaki deni. Dalili ya makosa yote mawili ni moja: GROSS PAY imebadilika wakati mshahara wako haujabadilika. Angalia mstari huo kwanza kila mara, kabla hujaangalia kitu kingine.

Si kila mwajiri anaionyesha advansi kama kwenu. Kuna wanaoiweka chini kabisa, baada ya NET PAY: karatasi inasoma NET PAY 39,029.15, kisha mstari wa advansi iliyokwisha kulipwa 17,850, kisha kiasi kinachokwenda benki 21,179.15. Pesa ni ile ile. Mtindo huu unasema ukweli zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu unaonyesha kwamba mshahara wako haukushuka, bali sehemu yake ilitangulia. Wengine hutenganisha ada kwenye mstari wake, kwa mfano ADVANCE 17,000 na ADVANCE FEE 850. Kwenu wameijumlisha, ndiyo maana namba ya 17,850 haikufanana na chochote ulichokuwa nacho kichwani. Una haki ya kuwaomba waitenganishe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 20, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya mshahara yanayoonyesha kiasi cha kila kato na sababu yake, na namba moja iliyobeba advansi mbili na ada mbili inakuacha ukikisia.

Kuna pia apu ambazo kato lake halionekani kwenye karatasi ya mshahara hata kidogo. Hizi hazipitii kwa mwajiri wakati wa kulipa. Ulipojiandikisha uliruhusu mkopeshaji achote moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki mshahara ukiingia. Karatasi itasoma NET PAY 39,029.15, benki itaonyesha 39,029.15 imeingia, na dakika chache baadaye 17,850 imetoka. Mtu anayeangalia salio tu, bila kusoma taarifa ya akaunti, anaamini mwajiri amemlipa pungufu na kwenda kugombana na ofisi isiyohusika. Kwa hiyo kabla hujalalamika popote, weka vitu vitatu pamoja: karatasi ya mshahara, taarifa ya akaunti ya benki ya siku ya mshahara, na historia ya miamala ndani ya apu.

Kwa kutumia vitu hivyo, uhakiki wenyewe ni mfupi. Fungua historia ya apu na uandike kila advansi kwa tarehe yake, kiasi ulichoomba, na ada. Tafuta ujumbe wa M-Pesa wa kila moja na uandike kiasi kilichoingia kwa kweli, kwa sababu apu nyingine hukata ada mwanzoni: unaomba 12,000, zinaingia 11,400, na unadaiwa 12,000. Kisha tenga zilizotolewa hadi tarehe 20 ya mwezi na zilizotolewa baada ya hapo. Jumlisha zile zilizo kati ya tarehe 21 ya mwezi uliopita na tarehe 20 ya mwezi huu, pamoja na ada zake. Jumla hiyo ndiyo inayopaswa kuwa kwenye mstari wa SALARY ADVANCE. Kwako ni 12,600 ya tarehe 23 Mei na 5,250 ya tarehe 12 Juni, jumla 17,850. Imelingana.

Kuna njia nyingine ya kujihakikishia, nayo haihitaji hata kujua tarehe ya kufunga. Hesabu pesa zote zilizokufikia Mei na Juni kutoka kazini, kwa njia yoyote. Ulipata 12,000 kwenye simu, kisha 39,029.15 benki, kisha 5,000 kwenye simu, kisha 21,179.15 benki. Jumla ni 77,208.30. Miezi miwili ya kawaida ingekupa 78,058.30. Tofauti ni 850 kamili, yaani ada peke yake. Kama kungekuwa na kato la mara mbili, tofauti hii ingekuwa kubwa kuliko ada, na kiasi kilichozidi kingekuonyesha ni advansi gani iliyorudiwa.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini Juni imekuuma kuliko ulivyotarajia. Mei ulikuwa na zaidi ya 51,000 mkononi, na kwa kuwa mshahara uliingia mzima, ile 12,000 ilionekana kama ziada. Deni lake halikuwa limeguswa. Na pengine tarehe 12 Juni apu yenyewe ilikuonyesha kiasi unachoweza kuchukua bila kulitaja deni hilo. Apu nyingi huhesabu kiwango chako kwa siku ulizofanya kazi. Tarehe 12 Juni ulikuwa umefanya siku 12 kati ya 30, sawa na takriban 15,611 ya mshahara wako wa mkononi, na kama apu inaruhusu nusu, ungeona kiwango cha 7,805. Apu iliyotengenezwa vizuri ingetoa kwanza 12,600 unazodaiwa, na kukuambia kwamba huna nafasi ya kuchukua zaidi. Ile ambayo kaunta yake inaanza upya kila tarehe mosi haioni deni la Mei, na inakuruhusu kuchukua nyingine juu yake. Kama ndivyo apu yenu inavyofanya, basi kile kiwango kilichoandikwa kwenye skrini hakikuambii kitu chochote kuhusu mshahara wako ujao. Fanya hesabu yako mwenyewe: 39,029, toa kila unachodaiwa pamoja na ada, na kinachobaki ndicho kitakachoingia.

Sheria inaweka ukomo wa makato, na ni vizuri uujue kwa sababu unaeleza jambo jingine linaloweza kukushangaza siku za mbele. Kifungu cha 19 cha sheria ile ile kinasema makato yote ya mwajiri kwa wakati mmoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa 50,000, ni lazima zibaki angalau 16,666.67. Na kama pesa ya advansi ni ya mwajiri mwenyewe, kato la kurudisha mkopo wake lisizidi nusu ya kinachobaki baada ya makato mengine. Kwako nusu ya 39,029.15 ni 19,514.57. Kato lako la 17,850 liko ndani ya mipaka yote miwili, lakini limebakiza nafasi ndogo. Tuseme ungekuwa na mkopo wa chama cha akiba na mikopo wa 6,000 kwa mwezi, unaokatwa kazini. Kilichobaki kingekuwa 33,029.15, na nusu yake ni 16,514.57. Ofisi ya mishahara ingekata kiasi hicho kwa Juni na kusukuma 1,335.43 hadi Julai. Karatasi ya Julai ingeonyesha kato la advansi wakati hukuchukua advansi yoyote, na hapo mtu huapa kwamba ameibiwa. Ukiona hivyo, uliza salio lililosukumwa kutoka mwezi uliopita.

Kato la mara mbili la kweli lipo, na hutokea kwa njia moja zaidi kuliko nyingine zote: mfanyakazi anapolipa mwenyewe mapema. Umepata pesa tarehe 25, ukaamua kumaliza deni kwa M-Pesa ili mshahara uingie mzima. Lakini orodha ya makato imeshapelekwa tarehe 20, na ofisi ya mishahara inakata kama ilivyoandikwa. Dalili yake ni kwamba apu inaonyesha deni sifuri, au hata kwamba wewe ndiye unayeidai, huku karatasi ya mshahara ina kato. Kwa hiyo ukitaka kulipa mapema, lipa kabla ya siku ya kufunga, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Ikishatokea, omba urudishiwe kwa M-Pesa au kwenye mshahara unaofuata. Wakichagua mshahara, waambie waiingize upande wa makato kama namba hasi, na wasiiweke upande wa mapato. Wakiiweka upande wa mapato, GROSS PAY itapanda na utatozwa kodi, NSSF, SHIF na tozo ya nyumba juu ya pesa yako mwenyewe.

Tatizo lililo baya zaidi ni lile ambalo karatasi inaonyesha umekatwa na apu bado inakudai. Maana yake ni kwamba mwajiri amekata lakini hajampelekea mkopeshaji. Mara nyingine ni siku chache tu za kuchelewa, kwa kuwa kampuni hupeleka makato yote ya mwezi kwa mkupuo mmoja. Ikizidi wiki mbili, andika barua pepe kwa ofisi ya mishahara ukiambatanisha karatasi ya mshahara na picha ya skrini ya deni, na umpelekee mkopeshaji nakala. Sheria inamtaka mwajiri apeleke kilichokatwa kwa muda uliokubaliwa, na karatasi yako ndiyo ushahidi kwamba upande wako umeshalipa. Usilipe tena kwa pesa yako ili tu uweze kuchukua advansi nyingine.

Sasa Julai. Kama hukuchukua chochote baada ya tarehe 20 Juni, na usipochukua chochote hadi tarehe 20 Julai, utaingiziwa 39,029.15. Ukichukua chochote ndani ya siku hizo, toa kiasi hicho pamoja na asilimia 5. Ukichukua kuanzia tarehe 21 Julai, Julai itaingia nzima na Agosti itabeba mzigo, na yale ya Mei yatajirudia.

Lakini lipo jambo ambalo hukuuliza na ambalo ndilo zito. Unaanza Julai na 21,179 badala ya 39,029. Pengo ni karibu 18,000, na kama kodi ya nyumba, chakula na nauli vinakula mshahara wako wote, utarudi kwenye apu. Tuseme utachukua 15,000. Mwisho wa Julai utapata 23,279, na Agosti utaanza na pengo la 15,750. Ukiendelea hivyo, kila mwezi unalipa 750 kwa kuhamisha pesa yako mwenyewe, yaani 9,000 kwa mwaka, na hali yako haibadiliki hata kwa shilingi moja. Ada hii inaonekana ndogo kwa sababu inasomwa kama asilimia 5. Lakini asilimia 5 kwa siku 18, kama ilivyokuwa ile ya tarehe 12 Juni, ni sawa na kiwango cha takriban asilimia 101 kwa mwaka. Ada haipungui hata ukichukua siku tano kabla ya mshahara.

Kuacha kwa mara moja ni vigumu kwa sababu pengo la 18,000 linakuja lote kwa mwezi mmoja. Kushuka kwa ngazi kunawezekana zaidi. Chukua 15,000 Julai, 12,000 Agosti, 9,000 Septemba, 6,000 Oktoba, 3,000 Novemba, na Desemba usichukue. Zote zichukuliwe kabla ya tarehe 20, ili kila moja ikatwe mwezi wake. Agosti utaanza na 23,279 na kuongezea 12,000, jumla 35,279. Septemba utaanza na 26,429 na kuongezea 9,000, jumla 35,429. Yaani kuanzia Agosti unaishi na kati ya takriban 35,300 na 35,900 kila mwezi badala ya 39,000, na ada zote za miezi mitano ni 2,250. Ni kujibana kwa chini ya 4,000 kwa mwezi, na mshahara wa mwisho wa Desemba unaingia mzima.

Ikiwa hata hiyo ni nzito, muulize mwajiri kama advansi inatoka kwenye mfuko wake au kwa mkopeshaji wa nje. Kama ni pesa yake, ana uwezo wa kukubali uliyokwisha kuchukua ikatwe kwa miezi miwili au mitatu, na inatosha muandikiane na kutia saini kabla ya siku ya kufunga hesabu. Kama ni ya mkopeshaji wa nje, ofisi ya mishahara haiwezi kubadilisha kiasi kilichoandikwa kwenye orodha, na ombi lako lielekezwe kwa mkopeshaji, kabla ya tarehe hiyo hiyo. Na ukifikiria kuacha kazi, maliza kwanza deni la apu: salio lote hukatwa kwenye malipo yako ya mwisho, ambayo mara nyingi ni ya siku chache za mwezi tu, na kinachokosekana hapo utadaiwa moja kwa moja bila mshahara wa kukikata.